Barua ya Peter Oborne: Jinsi gazeti linavyoilainisha stori bila kuandika uongo

Februari 17, 2015, mwandishi mkubwa wa siasa nchini Uingereza, Peter Oborne, aliweka hadharani sababu za kuacha kazi katika gazeti la Daily Telegraph. Hakuzitoa kwenye gazeti lake. Alizichapisha kwenye tovuti ya openDemocracy, na ndani ya saa chache vyumba vya habari vya London vilikuwa havina stori nyingine.

Kwa ufupi alisema hivi: gazeti linawaficha wasomaji habari za benki ya HSBC kwa sababu benki hiyo inaleta pesa za matangazo. Aliita jambo hilo ulaghai dhidi ya wasomaji.

Waandishi wengi huondoka kwa hasira na kusema wamebanwa. Barua hii ilikaa vichwani mwa watu kwa sababu Oborne alifanya kitu rahisi sana: alifungua magazeti na kuhesabu aya.

Chukua wiki ya Februari 9, 2015. Vyombo vya habari duniani, vikiwemo Guardian, BBC na Le Monde, vilitoa kwa pamoja siri za tawi la HSBC nchini Uswisi, na namna lilivyowasaidia matajiri kukwepa kodi. Ilikuwa habari ya ukurasa wa mbele, hilo halina ubishi. Kwenye Telegraph, anasema Oborne, Jumatatu hakukuwa na kitu. Jumanne zilitoka aya sita nyembamba, chini kushoto mwa ukurasa wa pili. Jumatano aya saba, tena ndani kabisa kwenye kurasa za biashara. Gazeti lilichangamka pale tu stori ilipoanza kuwagusa watu wenye uhusiano na chama cha Labour.

Hapo hakuna sentensi ya uongo hata moja. Kila aya inaweza kuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana mbinu hii ni ngumu kuikamata. Mhariri akiulizwa atasema, "Mbona tumeandika?" Ni kweli, wameandika, ila wameiweka mahali ambapo wewe msomaji huwezi kuiona. Ukitaka kuigundua lazima uweke gazeti hilo kando ya mengine ya siku hiyohiyo, ulinganishe ukurasa, urefu na siku stori ilipotoka.

Lakini ilianza wapi? Kwa maelezo ya Oborne, ni Novemba 2012. Wachunguzi wa Telegraph wenyewe walikuwa wamepata habari nzito kuhusu akaunti za HSBC katika kisiwa cha Jersey. Zikatoka makala sita ndani ya wiki moja, kisha kimya. Anadai waandishi waliamriwa kuharibu barua pepe na nyaraka zote za uchunguzi huo, na kwamba mawakili wa wamiliki wa gazeti, ndugu wa familia ya Barclay, waliingia kwenye suala hilo kwa namna isiyo ya kawaida. HSBC ikasimamisha matangazo yake. Kuirudisha kukachukua kama mwaka mzima, na kuanzia mwanzoni mwa 2013 stori za kuikosoa benki zikawa hazitakiwi.

Ndani ya chumba cha habari, shinikizo la mwenye gazeti mara nyingi halifiki kama amri. Mwisho wa 2014 Oborne mwenyewe aliandika kuhusu HSBC kufunga akaunti za Waislamu maarufu wa Uingereza. Mwanzoni aliambiwa mambo yako sawa, itatoka. Haikutoka. Akaambiwa kuna tatizo la kisheria. Akaenda kuwauliza mawakili wa gazeti, nao wakasema hawajui tatizo lolote. Alipozidi kubana ndipo akaelezwa kwamba kuna shida kidogo na HSBC.

Angekubali jibu la kwanza, yasingeendelea. Wengi hukubali, maana "mawakili wanaipitia" ni maneno yanayozima stori taratibu. Siku tatu zinapita, wiki inapita, habari inapoa, na hakuna mtu aliyetamka neno hapana.

Alimwandikia mtendaji mkuu, Murdoch MacLennan, na nakala akampelekea mwenyekiti, Aidan Barclay, mtu wa familia iliyomiliki gazeti wakati huo. Anasema Barclay alijibu kwa kifupi, akitumaini wawili hao watamalizana. Katikati ya Desemba akaenda kumwona MacLennan. Alipokewa vizuri, akapewa chai, akaombwa abaki. MacLennan, kwa simulizi ya Oborne, hakukana kwamba matangazo yanaingilia habari. Alichosema ni kwamba hali si mbaya kiasi hicho, na kwamba mambo ya namna hiyo yana historia ndefu hapo Telegraph.

Upande wa pili nao ulisema lake. Telegraph ilikanusha vikali, ikayaita maelezo yake mashambulizi yasiyo na msingi. Ni haki msomaji akumbuke kwamba habari za ndani ya ofisi tunazipata kwa mdomo wa Oborne. Hesabu ya aya, hata hivyo, haitegemei mdomo wa mtu. Magazeti ya wiki ile yapo maktaba.

Kuna jambo linalopitwa haraka watu wanapoisimulia barua hii. Oborne hakupanga kuongea. Alishajiuzulu Desemba, akakubaliana na ofisi kuondoka polepole huku akiendelea kulipwa kwa miezi kadhaa. Angeweza kukaa kimya na mshahara ukaingia. Ni namna gazeti lilivyoipita stori ya Uswisi iliyomfanya abadili mawazo.

Na alikuwa na pa kwenda. Ana jina, ana vitabu, na baadaye aliandika safu kwenye Daily Mail. Kwetu Kenya, Machi 2018, waandishi wanane wa safu waliacha kuandikia magazeti ya Nation kwa pamoja, wakilalamikia uhuru wa uhariri kuingiliwa. Nao walikuwa na majina na kazi nyingine. Angalia nani hasa huandika barua za namna hii: ni wa safu, si ripota wa mahakamani au wa dawati la biashara mwenye kodi ya nyumba tarehe tano. Huyo, stori yake ikikatwa mara tatu, ya nne haileti. Hapo hata mwenye gazeti hana haja ya kupiga simu tena. Wachunguzi walioleta stori ya Jersey hawakuwa na barua ya kuchapisha. Tunajua habari yao kwa sababu mwenzao mwenye safu aliisema.

Guardian, lililoipa stori ya Uswisi ukurasa wa mbele, nalo lilipata majibu yake: HSBC ilisitisha matangazo kwake pia. Februari hiyohiyo bosi wa benki, Stuart Gulliver, aliwaeleza wabunge wa Uingereza kwamba haina maana kuweka tangazo kando ya habari inayokusema vibaya. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni hesabu ya kawaida tu. Tofauti ni kwamba wasomaji wa Guardian walikuwa wameshaisoma stori.