Kabla Hujanunua RAM, Pima Joto la Chumba Chako

(Haya niliwaambia makomredi wa klabu ya gemu hapa Voi. Walinipa dakika kumi, nikachukua ishirini.)

Wengi wenu hamnijui kwa makala zangu. Mnanijua kwa ile grafu. Mimi si komredi tena, niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, lakini namba yangu ilibaki kwenye grupu la WhatsApp. Humo ndimo nilimotupa grafu ile mwaka jana: mistari miwili, wa kijivu mfupi, wa kijani mrefu. Kijivu ni laptopu yangu ikiwa na RAM ya GB 8, fremu 26 kwa sekunde. Kijani ni laptopu ile ile ikiwa na GB 16, fremu 38. Chini nikaandika: "Asilimia 46 juu. Wacheni kuteseka, ongezeni RAM."

Namba zote mbili zilikuwa za kweli. Nilizisoma kwenye skrini kwa macho yangu. Lakini grafu yenyewe ilikuwa uongo, na leo nimekuja kuwaonyesha ni uongo wa aina gani, kwa sababu nauona kila wiki kwenye simu zenu.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad T480, zile za mtumba kutoka Uingereza ambazo nusu yenu mnazo. Prosesa ni i5-8350U. Kadi ya grafiki ya peke yake haina. Gemu inachorwa na UHD 620 iliyo ndani ya prosesa. Gemu nililopimia ni GTA V, kwa 720p, setingi zote chini, kwa kutumia kile kipimo kilicho ndani ya gemu lenyewe.

Sasa sikizeni nilivyopima. Kipimo cha kwanza nilikifanya saa tisa mchana, kwenye bedsita yangu yenye paa la mabati, laptopu ikiwa juu ya godoro, na nilikuwa nimeshacheza kama saa nzima. Mnaijua Voi saa tisa mchana. Kisha nikashuka mjini, nikanunua stiki mbili za GB 8, nikarudi, nikala, nikamtafuta jirani mwenye bisibisi. Nilipomaliza kuzifunga ilikuwa saa tano usiku. Laptopu ilikuwa imezimwa tangu jioni, iko mezani, na feni ya chumba inaipigia upepo. Nikapima mara moja. Fremu 38! Nikapiga skrinishoti.

Mmeona nilichofanya? Nilibadilisha RAM, saa, joto la chumba, mahali pa kuwekea mashine na muda iliokuwa imewaka. Vitu vitano. Halafu sifa zote nikaipa RAM, kwa sababu ndiyo niliyoilipia.

Kuna komredi wa mwaka wa kwanza aliyeniamini. Alikuwa na T480 kama yangu. Pesa zake za matumizi za HELB zilikuwa zimeingia wiki hiyo, akatoa shilingi elfu sita akanunua stiki mbili kama zangu. Zile zake za zamani, mbili za GB 4, zilibidi zitoke maana mashine ina nafasi mbili tu. Baada ya siku tatu akaniandikia: "Bro, nimeongeza lakini ni zile zile." Alikuwa amepima kabla na baada, mchana kwa mchana. Fremu 27, halafu fremu 27. Mwezi huo alimaliza akila kibandani kwa deni, na aliyemwingiza hapo ni mimi.

Ndipo nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Nikarudisha RAM yangu ya zamani, nikapima mchana na usiku. Nikaweka ile mpya, nikapima mchana na usiku. Kila mara laptopu iko mezani, imechomekwa chaja, imecheza dakika ishirini kwanza ndipo nianze kuhesabu. Kila kipimo nilikirudia mara tatu nikachukua ile namba ya katikati. Majibu yalikuwa manne:

GB 8 mchana, fremu 26.
GB 8 usiku na feni, fremu 36.
GB 16 mchana, fremu 27.
GB 16 usiku na feni, fremu 37.

Zisomeni taratibu. Kutoka mchana kwenda usiku, fremu 10. Kutoka GB 8 kwenda GB 16, fremu 1. Na hata hiyo moja siwezi kuidai, kwa sababu niliporudia kipimo kile kile bila kugusa kitu, jibu lilicheza kwa fremu moja au mbili. Kwenye kipimo cha GTA V magari na watu hawapiti vile vile kila mara. Tofauti iliyo ndogo kuliko mchezo huo wa kipimo chenyewe usiitangaze kama faida.

Mwaka jana nilikuwa nimepima usiku wa Voi, nikauita RAM.

Sababu haina uchawi. Prosesa hii imewekewa mpaka wa nyuzi 100 za selsiasi. Ikiukaribia, inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Joto la chumba likipanda nyuzi kumi, joto la prosesa nalo hupanda karibu kiasi hicho hicho, kwa sababu feni ya laptopu haina hewa nyingine ya kuvuta isipokuwa ile iliyo chumbani. Voi iko takriban mita 600 juu ya bahari. Wundanyi, huko juu vilimani, iko zaidi ya mita 1,300. Komredi wa Wundanyi na komredi wa Voi wakinunua mashine pacha kwa fundi mmoja siku moja, watabishana hadi wahitimu, na kila mmoja atakuwa na namba zake za kweli. Mtu wa video aliyekaa kwenye chumba cha eesi huko ughaibuni, naye hajapima bedsita yako.

Mnaweza kuliona jambo hili bila kukisia. Fungua HWiNFO wakati gemu linakimbia, tafuta mstari ulioandikwa "Core Thermal Throttling". Ukisoma "Yes", mashine inajipunguza kwa sababu ya joto, na stiki yoyote utakayonunua haitaigusa shida hiyo. Angalia pia kasi ya prosesa. Hata kwenye baridi, mashine hizi huruhusiwa kukimbia kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi tu, nusu dakika hivi, kisha hutulia kwenye kiwango chake cha kawaida. Kwa hiyo anayepima dakika moja baada ya kuwasha anapima mbio za mita mia, na wewe unacheza marathoni.

Baada ya hapo nilimpelekea fundi mashine. Alipofungua, mapezi ya kupozea yalikuwa yameziba kwa vumbi letu jekundu. Alishika feni kwa kidole isizunguke, akapuliza, akafuta pesti kavu iliyo juu ya prosesa, akapaka mpya. Nilimlipa shilingi mia saba. Nyumbani nikaweka vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma ili hewa ipite. Nikapima mchana, GB 8 zile zile: fremu 33. Saba kati ya zile kumi zilirudi, kwa bei iliyo chini ya sehemu ya nane ya RAM aliyonunua yule komredi.

Sasa kuna wale mtakaosema, "Lakini mimi niliongeza RAM na ilisaidia kabisa." Nawaamini, baadhi yenu. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Ukikuta "Slots used: 1 of 2", una stiki moja peke yake. UHD 620 haina memori yake, inaazima RAM ya mashine. Stiki moja ya DDR4-2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Mbili zikifanya kazi pamoja hupitisha 38.4. Kuongeza ya pili ni kama kuongeza njia ya pili barabarani, na kwenye gemu utaiona. Mimi na yule komredi tulikuwa na stiki mbili tayari. Barabara haikupanuka hata kidogo, tuliongeza tu mahali pa kuegesha magari ambayo hatukuwa nayo. Pia mwenye kucheza huku kafungua vichupo ishirini vya kivinjari atapata nafuu, kwa sababu GB 8 zinamwishia. Basi na aseme hivyo: nilipima nikiwa na vichupo ishirini. Kinachoniudhi ni "ongeza RAM" inayotolewa kwa kila anayeuliza kama panadol.

Na mkichora grafu, anzieni sifuri. Juzi mtu ameweka hapa 26 na 27, lakini mstari wake wa chini unaanzia 25. Mmoja unaonekana mara mbili ya mwingine. Hajabadilisha namba hata moja, na bado amedanganya watu mia mbili.

Ninachowaomba ni sheria moja ya klabu: asiye na kipimo cha kurudi nyuma asipewe sikio. Umepima cha zamani, umeweka kipya, umepima. Sasa toa kipya, rudisha cha zamani, upime tena. Kama namba haikurudi ilikokuwa, basi kuna kitu kingine kilichobadilika na hujui ni nini. Najua ni kazi ya jioni nzima, na kufungua mashine mara mbili kunachosha. Elfu sita za mwanafunzi nazo ni chakula cha wiki kadhaa.

Zile stiki za yule komredi nilizinunua kutoka kwake kwa bei aliyonunulia. Ndizo hizi hapa mezani, GB 8 mbili, pamoja na bisibisi. Kuanzia leo ni za klabu. Ukitaka kuapgredi, azima kwanza, nenda nazo chumbani kwako, upime mchana na usiku, zikiwa ndani na zikiwa nje. Zirudishe Ijumaa na namba nne kwenye karatasi. Kama zitakuonyesha kwamba unazihitaji, nitakuwa wa kwanza kukusindikiza dukani.