Namba ya mifupa yako inaposema nusu ya ukweli

Ukipimwa mifupa kwa mashine ya DEXA, utapewa karatasi yenye mstari ulioandikwa T-score. Je, namba iliyo hapo inamaanisha nini?

Mfupa si jiwe. Kila siku kuna chembe hai zinazobomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni huzizuia zile zinazobomoa zisizidi. Hedhi inapokoma homoni hiyo hushuka, na ubomoaji huushinda ujenzi. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake bila kuhisi maumivu yoyote. Baadaye upungufu huendelea taratibu kadiri umri unavyosonga, na wanaume nao huupata.

T-score hulinganisha madini ya mifupa yako na ya mwanamke kijana mwenye afya. Kwa vipimo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1994, -1 na kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua. Ikifika -2.5 au ikashuka zaidi, huo ni ugonjwa wa mifupa dhaifu, yaani osteoporosisi.

Sasa chukua mfano wa mama wa miaka 67. Kipimo cha uti wa mgongo kinasoma -0.8, cha nyonga -2.1. Anaambiwa hana osteoporosisi. Lakini mgongo wake umeanza kupinda, na amepungua kimo kwa sentimita tano tangu ujana wake. Anapopigwa eksirei, pingili moja ya uti inaonekana imebonyea, ingawa hakuwahi kuanguka.

Kwa nini mashine ilisoma -0.8? Pingili iliyobonyea hubana madini yaleyale katika eneo dogo, hivyo huonekana nzito kuliko ilivyo. Vinundu vya mfupa vinavyoota kwenye uti wa wazee navyo hupandisha namba. Ndiyo maana pingili zilizoharibika hazipaswi kuhesabiwa, na daktari hufuata alama iliyo ya chini zaidi, hapa ile ya nyonga.

Isitoshe, pingili kubonyea bila ajali ni mfupa kuvunjika. Mama huyu ana osteoporosisi, hata kama T-score yake haijafika -2.5, na anahitaji dawa ya kupunguza ubomoaji wa mfupa, si vidonge vya kalsiamu peke yake.

Kwa hiyo, ukipewa karatasi yako, soma namba ya nyonga na ya uti, usisome moja tu. Mweleze daktari kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka ukiwa umesimama tu. Pima pia kimo chako: ukiwa umepungua sentimita nne au zaidi, omba eksirei ya mgongo.