Kabati chakavu laweza kuwa mali, jipya likawa hasara

Mzazi mwenzangu, bila shaka umekutana na tangazo la "nahama, nauza vyombo vyote" kwenye kundi la wasapu. Ni nafasi nzuri kwa familia inayohitaji kabati la watoto na haina fedha za kununua jipya. Lakini anayehama hupanga bei kwa kuangalia mng'aro. Kilichopauka hukiuza kwa bei ya chini na kinachong'aa kwa bei ya juu, wakati thamani ya fenicha imo ndani ya mbao.

Ukifika, usianze na mlango wa mbele. Vuta droo uitoe kabisa, uigeuze, kisha chungulia na mgongo wa kabati. Huko hakuna anayepaka rangi kwa uangalifu, kwa hiyo mbao husema ukweli. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na rangi hiyo imo hadi ndani. Ukikuta nje kahawia na ndani mbao nyeupe, hiyo ni paini au mbao nyingine ya bei nafuu iliyopakwa rangi.

Kisha tazama ncha ya ubao, pale ulipokatwa. Katika mbao halisi utaona vitundu vidogo vidogo vya nyuzi za mti. Ukiona punje za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipubodi, na ile mistari mizuri ya juu ni picha tu iliyobandikwa. Papasa miguu na sehemu ya chini. Chipubodi iliyowahi kupigwa deki ya maji mengi huvimba na hairudi tena. Pia skrubu zake zikifunguliwa ili kabati lisafirishwe, matundu hulegea na milango huanza kuning'inia. Ndiyo maana kabati la namna hii hupoteza thamani mara tu linapohama nyumba.

Mikwaruzo, vanishi iliyobabuka na bawaba zilizolegea ni mambo ya fundi wa siku mbili. Yasikutishe, ila yatumie kuomba punguzo. Kinachotisha ni wadudu. Sehemu ya ndani ya mninga huwastahimili vizuri, lakini ule ukanda mweupe wa pembeni mwa mti huliwa. Ukiona vitundu kwenye ukanda huo, gonga kwa kiganja. Unga laini ukimwagika, huenda wadudu bado wamo, nao wanaweza kuhamia kwenye mbao nyingine nyumbani kwako. Kwenye vitanda na makochi, mulika kwa tochi ya simu maungio na mishono. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino, hao ni kunguni. Ondoka hata kama unapewa bure.

Sasa tuje kwenye bei. Tuseme uko Dar es Salaam, na umekuta kabati la milango miwili la mninga, limepauka, muuzaji anataka shilingi 350,000. Kabla ya kujibu, mpigie fundi wa Keko umuulize bei ya jipya la vipimo hivyo. Tuseme anakwambia 700,000. Mimi hukataa kabati la zamani linalonigharimu zaidi ya theluthi mbili ya jipya hadi likasimama chumbani, yaani kama 460,000. Toa kirikuu 40,000, msasa na vanishi 80,000, bawaba na kitasa 15,000. Zinabaki 325,000, na huo ndio mwisho wako. Anza na 250,000, na akigoma kushuka hadi 325,000, mwachie namba yako ya simu. Siku ya mwisho kabla ya kukabidhi nyumba, wengi hupiga wenyewe.

Pembeni yake kuna kabati la chipubodi linalong'aa, na muuzaji anataka 180,000 kwa sababu yeye alilinunua 220,000. Ongeza usafiri 40,000 uone: umefika bei ya dukani, kwa kitu ambacho skrubu zake zitalegea njiani. Aina hiyo imejaa madukani, hivyo huna sababu ya kuikimbilia. Labda akubali 60,000, na liwe linapita mlangoni bila kufunguliwa.

Tahadhari moja: usionyeshe furaha mbele ya ule mninga. Uliza kwanza bei ya masufuria, kisha ya meza, halafu kabati ulitaje kama nyongeza. Na usitume fedha kwa simu ili "kushikilia" kitu ambacho hujakigusa. Picha haionyeshi mgongo wa kabati.