Kichwa kipya hakijaonekana Google? Usikimbilie kukiandika upya

"Google bado inaonyesha cha zamani, basi hakikuhifadhiwa." Dai hili huwafanya watu waandike kichwa kilekile mara tatu bila sababu. Matokeo ya Google hutokana na nakala ya ukurasa iliyochukuliwa roboti yake, Googlebot, ilipopita mara ya mwisho. Google wenyewe husema kupitiwa upya kunaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa. Kwa hiyo swali la kuhifadhiwa lijibiwe kwenye tovuti yenyewe.

Tuseme nyumba ya wageni ya Pangani imebadilisha kichwa chake, "Nyumbani", kuwa kinachoeleweka. Fungua ukurasa huo katika dirisha fiche la kivinjari, bonyeza Ctrl+U, kisha tafuta mistari hii:

```
<title>Vyumba vya wageni Pangani</title>
<meta name="description" content="Vyumba karibu na ufukwe">
```

Ukiiona hivyo, kazi imehifadhiwa na imefika kwa wasomaji.

"Kwenye WordPress nakiona kipya, basi kila mtu anakiona." Hapana. Tovuti nyingi zina kache, yaani nakala iliyotengenezwa mapema ili ukurasa ufunguke haraka, na kache hiyo huweza kuendelea kumpa mgeni kichwa cha jana wakati wewe uliyeingia kwa nenosiri unaona kipya. Ongeza `?jaribu=1` mwishoni mwa anwani. Kipya kikitokea hapo, na anwani ya kawaida ikabaki na cha zamani, mara nyingi tatizo ni kache: isafishe. Cha zamani kikibaki kote, rudi kwenye kihariri uhakikishe ulibonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kwamba hukubadilisha kichwa cha makala tu huku kile cha Google kikiwa na kisanduku chake peke yake.

"Ukiomba mara nyingi, Google itakuja upesi." Ombi moja linatosha. Katika Search Console weka anwani kwenye URL Inspection, kisha bonyeza Request Indexing. Kurudia hakuharakishi chochote. Kinachofaa zaidi hapo ni tarehe iliyo mbele ya Last crawl. Ikiwa ni ya kabla ya mabadiliko yako, subiri. Ikiwa ni ya baadaye, bonyeza View crawled page usome kichwa ambacho Googlebot ilikichukua.

"Imeshakichukua, basi itakionyesha nilivyoandika." Hilo nalo halina uhakika. Google huweza kuunda kichwa kutokana na kichwa kikubwa kilicho ndani ya ukurasa, au hata maneno ya viungo vinavyoelekea hapo. Maelezo ndiyo hubadilika zaidi: mara nyingi huchotwa kwenye maandishi ya ukurasa kufuatana na maneno aliyotafuta mtu, hivyo anayetafuta "boti Pangani" na anayetafuta "vyumba Pangani" wanaweza kuona maelezo tofauti ya ukurasa uleule. Hapo hakuna kilichopotea, na kusubiri zaidi hakutabadilisha kitu. Linganisha kichwa kikubwa cha ukurasa na ulichoandika kwenye `<title>`. Vikipingana, virekebishe vikubaliane.