Hotuba ya Tuzo Isiwe Jeraha

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja hapa Gilgil kwenye jioni ya kuwatuza wafanyakazi. Msemaji alitaja washindi, kisha akaongeza, "Nanyi wengine msife moyo." Ukumbi ulinyamaza. Neno lililokusudiwa kufariji ndilo lililowatenga waliosalia.

Naonelea hotuba ya namna hiyo itangulize kazi, jina lifuate. Tuseme wastani wa Kemia umepanda kutoka 3.2 hadi 4.1. Msemaji aanze na majaribio ya kila Jumamosi, amtaje msaidizi wa maabara aliyetayarisha vifaa na mpishi aliyewawekea wanafunzi chakula walipochelewa, ndipo amwite mwalimu jukwaani. Tuzo ni ya mmoja, lakini masimulizi ni ya wote waliotenda. Hata hivyo, asimtaje yeyote bila kitendo chake, kwani sifa tupu hutambulika upesi.

Mtawa Peter Tabichi wa shule ya Keriko, kule Njoro, alipotuzwa Dubai mwaka 2019 kuwa mwalimu bora duniani, aliwarudishia wanafunzi wake sifa hiyo. Je, sisi twashindwa na nini?