Kila Mtu Ni Root, Kwa Hivyo Hakuna Mwizi

Niliitwa katika chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai, Nyamira. Mzee mmoja alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, risiti yake imekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya plastiki. Risiti ilisema ameweka Sh41,200. Kompyuta ilisema Sh14,200. Karani aliyempokea alikuwa ameshasimamishwa kazi.

"Mwanangu, mashine imekula pesa yangu?" akaniuliza.

Mashine haili pesa, mzee. Lakini mashine ile haikuweza kusema nani alikula, au kama kidole cha karani kiliteleza tu na tarakimu zikabadilishana nafasi. Hifadhidata ilikuwa MariaDB iliyokuja ndani ya XAMPP, ambayo watengenezaji wake wenyewe huonya kwamba ni ya kujifunzia na kujaribia. Akaunti yake kuu, root, huja bila nywila. Muuzaji aliyewafungia mfumo hakuiwekea, na ili tawi la Keroka liunganishwe akaongeza `'root'@'%'`. Alama hiyo ya asilimia maana yake ni "kutoka kompyuta yoyote". Mhasibu, makarani na muuzaji mwenyewe aliyeketi Kisii mjini, wote waliingia kwa jina moja. Wakati huo huo mlango wa ofisi ulikuwa wa chuma, na askari usiku kucha!

Tusijifanye hatujawahi kuonywa. Katika sakata ya NYS ya mwaka 2015, ya Sh791 milioni, afisa mwandamizi alidai kwamba nywila yake ya IFMIS ilitumiwa na watu wengine. Nchi nzima ilijifunza kuwa nywila ya wengi ni kichaka cha kujificha. Bado tunakipalilia.

Kukifyeka si kazi ya mwezi. Kwanza uliza nani yumo:

```sql
SELECT User, Host FROM mysql.user;
```

Safu ya `User` ikiwa tupu, hiyo ni akaunti isiyo na mwenyewe, ifute. Kisha upe mfumo akaunti yake, yenye ruhusa za kusoma, kuongeza na kubadilisha katika majedwali yake tu, na kila fundi apate akaunti ya jina lake. Jaribu kwanza kutoka Keroka. Ikifanya kazi ndipo ufute `'root'@'%'` na kuiwekea nywila root iliyobaki. Ukianza na kufuta, Jumatatu asubuhi tawi litafungwa na lawama zitakuwa zako.

Pili, waya. Nywila yenyewe kwa kawaida haisafiri wazi, na hapo ndipo wauzaji hutupoza. Lakini maswali na majibu, yaani majina, salio na nambari za vitambulisho, husafiri uchi hadi Keroka. Uliza `SHOW STATUS LIKE 'Ssl_version';` ukiwa kwenye tawi. Jibu likiwa tupu, hakuna usimbaji. Weka cheti kwenye seva, kisha kila akaunti inayoingia kutoka nje iwekewe `REQUIRE SSL` ili muunganisho wake wa wazi ukataliwe. Tawi nalo likague cheti hicho, la sivyo litazungumza kwa siri na tapeli.

Tatu, daftari la wenye mamlaka. MariaDB inalo tayari, limelala:

```sql
INSTALL SONAME 'server_audit';
SET GLOBAL server_audit_events='CONNECT,QUERY_DDL,QUERY_DCL,QUERY_DML';
SET GLOBAL server_audit_logging=ON;
```

Yaandike pia kwenye faili la usanidi, kwa maana seva ikizimwa mipangilio hiyo ya `SET GLOBAL` hupotea. Daftari hilo lisikae kwenye mashine ile ile. Mwenye mamlaka makubwa anaweza kulizima, kwa hiyo litumwe kupitia syslog hadi kompyuta asiyoishika. Akilizima, ukimya wa ghafla saa nane usiku ndio ushahidi. Lina mpaka wake: makarani wakipitia mfumo, litaonyesha akaunti ya mfumo, si karani. Jina la karani lazima mfumo wenyewe ulihifadhi. Ila anayeupita mfumo na kugusa jedwali kwa mkono, hana pa kujificha.

Nimeshaambiwa, "Hicho ni chama kidogo, nani atatudukua?" Mdukuzi wa nini, wakati funguo mmemgawia kila mtu? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumwarifu Kamishna data ikivuja na kuwaweka wenye data hatarini. Mtamwarifu nini, kwamba root aliingia?

Mzee alilipwa, maana risiti yake ilikuwa na mhuri. Karani hakuwa na karatasi ya kumtetea. Huenda aliiba, huenda aliteleza tu, huenda hata hakugusa rekodi ile. Alifukuzwa kwa kosa la root, na root bado yuko kazini.