Kisanduku cha Google hakikuulizi unatumika wapi

Tuseme mutumikaji mumoja wa mugodi anapewa barua ya kufukuzwa asubuhi. Mbele afike ku nyumba, mutoto wake amekwisha kuandika mu telefone: «préavis de licenciement combien de temps». Juu kabisa ya ukurasa kunatokea kisanduku chenye jibu fupi: miezi 2. Jamaa yote inashusha pumzi, inaanza kupanga matumizi kwa ile hesabu.

Ile miezi 2 ni sheria ya Ufaransa, kwa mutu mwenye kutimiza miaka 2 ao zaidi mu kampuni. Kwetu Kongo, sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu namna ingine. Kama patro njo anavunja kontra isiyo na tarehe ya mwisho, preavi haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi. Tena kwa kila mwaka muzima wa kutumika bila kukatisha, kunaongezeka siku 7 za kazi.

Tufanye hesabu. Mutu wa miaka 10: 7 mara 10 ni 70, weka na zile 14, inakuwa siku 84. Juma moja liko na siku 6 za kazi, basi 84 ni majuma 14, kupita miezi 3. Mwenye kuamini kisanduku anapoteza zaidi ya mwezi muzima wa mushahara, na hata hajue. Mwenye miaka 3 yeye iko na siku 35, kama majuma 6 hivi. Akienda kudai miezi 2, atarudi na haya. Na hiki ni kipimo cha chini tu: mapatano ya kampuni na sendika yanaweza kutoa zaidi.

Kosa linatoka wapi? Kile kisanduku si Google njo anakiandika. Mashine inatafuta ukurasa wenye maneno yanayofanana na ulizo lako, inakata kipande, inakiweka juu kwa maandishi makubwa. Inapima kama kipande kinajibu maneno. Haipimi kama kinajibu maisha yako. Na kurasa nyingi za Kifaransa juu ya sheria ya kazi zimeandikwa kwa batu ba Ufaransa.

Chini yake kuko yale maulizo mengine, yenye kichwa «Autres questions posées». Ukifinya moja, linafunguka, na ingine yanaongezeka. Kila jibu limekatwa ku ukurasa wake. La kwanza linaweza kuwa la Ufaransa, la pili la Ubelgiji, la tatu la Senegali, na yote yanapangwa kama vile mutu mumoja njo anasema.

Kukata kunaweza kugeuza hata maana. Mu Oktoba 2021, mutu aliuliza Google kwa Kiingereza afanye nini kisha mutu kupatwa na kifafa. Kisanduku kilitoa orodha: mushike kwa nguvu, umutie kintu mu kinywa. Ukurasa wenyewe, wa Chuo Kikuu cha Utah, uliandika juu ya ile orodha neno moja: usifanye. Mashine ilichukua orodha, ikaacha lile neno. Ukweli ni kumuondolea bintu bigumu karibu yake, kumulaza kwa upande, kuangalia saa, na kutafuta munganga kama inapita dakika 5.

Hatusemi mutupe telefone. Kwa ulizo lenye jibu moja popote duniani, kama vile tani moja ni kilo ngapi, kisanduku kinatosha. Lakini pale jibu linageuka kwa inchi, kwa mwaka, ao kwa hali ya mutu, kisanduku ni mulango tu, si nyumba. Finya ile anwani chini ya jibu, uingie. Kama inaisha na .fr, ujue ni Ufaransa wanasema. Angalia tarehe, maana sheria yetu ya kazi iliguswa tena mu 2016. Soma mustari ulio juu ya orodha. Na mu ulizo lako andika «RDC». Inasaidia, ijapokuwa haimalizi.

Kisha, mbele ya kutia sinyatire ku karatasi ya mwisho, beba barua yako na kontra kwa delege wa sendika ao ku Inspeksyo ya Kazi. Kule batakuuliza maulizo mbili ambayo kisanduku hakikuuliza: unatumika wapi, na umetumika miaka ngapi?